Kufuta kivuli au taswira ya mtu kwenye picha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninahariri picha kwenye studio ndogo hapa Kampala. Picha nyingi zinazonifikia ni za kwanjula, yaani utambulisho wa wachumba, za Idi, za mahafali na za mabango yatakayochapwa Nasser Road, na karibu kila wiki kuna anayeuliza namna ya kuondoa kivuli chini ya miguu ya mtu, au sura ya mpiga picha iliyonaswa kwenye kioo. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Programu ninayotumia ni GIMP kwa sababu haiuzwi na inaingia hata kwenye kompyuta ya kawaida. Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

## Mambo ya msingi

Kivuli na taswira si kitu kimoja?

Kwa mazungumzo, ni kimoja. Kiswahili kinamruhusu mtu aseme ameona kivuli chake majini au kwenye kioo, na wote tunamwelewa. Kwenye kazi hii lakini vitenganishe mapema, maana vinafanya mambo mawili yanayopingana.

Kivuli ni mahali ambapo mwanga umepungua. Udongo, nyasi au zulia lililo chini yake bado liko palepale, na kamera imelinasa ila kwa giza. Taswira ni mwanga ulioongezeka: kioo au kigae kinaonyesha kilicho chake, halafu juu yake kimemwagiwa mwanga uliotoka kwa mtu. Kwa sababu hiyo kivuli mara nyingi kinaweza kuinuliwa mpaka ardhi yenyewe ionekane tena, ilhali taswira nzito imekwishafunika kilichokuwa nyuma yake, na itabidi ukitafute kwenye picha nyingine.

Kufuta pikseli hadi ziwe wazi ni kufanya nini hasa?

Kila pikseli ina namba tatu za rangi: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Picha inayokubali uwazi ina namba ya nne, inayoitwa alfa. Alfa ikiwa 255 pikseli inaonekana yote, ikiwa 0 haionekani kabisa, na ikiwa katikati inaonekana nusunusu kama pazia jepesi. Kufuta hadi uwazi ni kuishusha alfa ya pikseli ulizochagua. GIMP hukuonyesha mahali hapo kwa miraba ya kijivu kama ubao wa drafti.

Maana yake hujaondoa kivuli. Umetoboa tundu mahali kivuli kilipokuwa. Watu wengi wanakwama hapa. Wanafuta vizuri, kisha wanashangaa kuona doa jeupe lenye umbo lilelile la kivuli. Kabla ya kugusa kifutio jiulize: chini ya tundu hili kutakuwa na nini? Likiwa bango jipya lenye rangi yake, kazi imekwisha. Ikiwa ni picha ileile na unataka ardhi ileile ibaki, lazima uweke tabaka la pili chini yake. Majibu mengi hapa chini yanahusu tabaka hilo la pili.

Nimechagua kivuli, nimebonyeza `Delete`, pamekuwa peupe badala ya kuwa wazi. Nimekosea wapi?

Tabaka lako halina chaneli ya alfa. Picha ya JPEG kutoka kwenye simu au kamera haiji nayo, kwa hiyo GIMP haina mahali pa kuandika uwazi na hujaza rangi ya nyuma iliyopo kwenye kisanduku cha rangi, ambayo kwa kawaida ni nyeupe. Rudi nyuma kwa `Ctrl+Z`, nenda `Layer > Transparency > Add Alpha Channel`, kisha futa tena.

Kuna dalili ya kutazama kabla hujafuta: kwenye orodha ya matabaka, jina la tabaka lisilo na alfa huandikwa kwa herufi nzito. Ukiongeza alfa, herufi zinarudi kuwa za kawaida.

Nitumie kifutio au barakoa?

Barakoa, kama picha ni ya mtu mwingine na huna hakika. Kwa `Layer > Mask > Add Layer Mask` unapaka rangi nyeusi mahali pa kufichwa na nyeupe mahali pa kurudishwa, na pikseli zenyewe hazidhuriki. Kifutio ni cha haraka zaidi kwa picha moja ndogo. Hata ukikitumia, ukishikilia `Alt` unapofuta, kitarudisha ulichofuta, kwa sababu GIMP huficha rangi bila kuitupa. Jambo hilo lina hatari yake, nimeieleza kwenye sehemu ya kuhifadhi na kutuma.

Kuanzia hapa nikisema "futa", fanya kwa njia yoyote kati ya hizo mbili.

## Kivuli ardhini, na ardhi inabaki

Mpiga picha ameingiza kivuli chake mwenyewe mbele ya familia. Kinaondokaje?

Hili ndilo swali ninalolipata zaidi, na nitalijibu kwa picha moja niliyoifanyia kazi. Ilikuja kutoka Bombo, imepigwa jioni ya Idi iliyoangukia mwezi Machi. Watoto wamepangwa kwa kanzu na magauni kwenye uwanja wa udongo mwekundu, na ndugu aliyepiga alisimama huku jua likiwa mgongoni kwake. Hapa kwetu, karibu na ikweta, mwezi Machi jua hupita karibu utosini mnamo saa saba kasoro dakika tano mchana. Ilipofika saa kumi na moja na dakika ishirini jioni lilikuwa limebaki nyuzi 23 hivi juu ya upeo. Mtu wa sentimita 170 kwa pembe hiyo hutupa kivuli cha karibu mita 4. Kichwa chake kikafika kwenye viatu vya mtoto wa katikati. Mama wa mtoto aliniambia, "Mwanangu, hilo jitu lililolala hapo mbele litoe, lakini udongo wetu uache."

Nilianza kwa kupima. Ukichukua kipimarangi, yaani ufunguo `O`, na kuwasha `Sample average` ili kisome eneo badala ya pikseli moja, utapata namba za udongo ulio juani na ulio kivulini. Nilipima sehemu tatu kila upande. Juani ilikuwa kama nyekundu 196, kijani 128, bluu 88. Kivulini ilikuwa nyekundu 88, kijani 62, bluu 52.

Angalia namba hizo vizuri. Nyekundu imeshuka zaidi ya nusu, bluu haikushuka kiasi hicho. Ndivyo vivuli vya nje vilivyo: mahali ambapo jua limezuiwa bado panamulikwa na anga, na anga ni la bluu. Ndiyo maana ukiangaza kivuli kwa kuongeza mwanga tu, udongo unatoka wa zambarau, kama umemwagiwa dawa. Kila rangi inahitaji kuinuliwa kwa kiasi chake.

Basi nilinakili tabaka kwa `Shift+Ctrl+D` nikawa na matabaka mawili yanayofanana. La chini nililifungua kwenye `Colors > Curves`. Kwenye chaneli ya `Red` niliweka nukta moja inayopeleka 88 hadi 196, kwenye `Green` 62 hadi 128, kwenye `Blue` 52 hadi 88. Picha nzima ya chini ikaungua kwa weupe, watoto hawatazamiki, ila ule udongo wa kivulini ukawa sawasawa na udongo wa juani. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tu. Nikalipa tabaka la juu chaneli ya alfa, nikachora mzunguko wa kivuli kwa kifaa cha kuchagua kwa mkono, ufunguo `F`, nikalainisha ukingo, nikafuta. Kupitia kwenye tundu ukaonekana udongo wa tabaka la chini, na lile jitu likatoweka.

Nimefuata hatua hizo, lakini umebaki mstari kuzunguka kivuli kilipokuwa. Tatizo ni nini?

Ni ukingo. Jua si nukta; ukilitazama kutoka hapa chini lina upana wa karibu nusu ya nyuzi moja. Kwa hiyo kivuli hakikatiki ghafla, kina ukungu kati ya giza na mwanga, na ukungu huo hupanuka kwa karibu sentimita 1 kila mwanga unaposafiri mita 1 kutoka kwenye kitu hadi ardhini. Kwenye picha ya Bombo, mwanga uliopita sikio la mpiga picha ulisafiri mita 4 na zaidi, hivyo ubavu wa kichwa cha kivuli ulikuwa na ukungu wa kama sentimita 4.

Hizo ni pikseli ngapi? Tumia kitu unachokijua. Kichwa cha kivuli, chenye upana wa kama sentimita 18, kilikuwa pikseli 90. Basi sentimita 1 ni pikseli 5, na ukungu ni pikseli 20. Nilipitisha mstari wa kuchagua katikati ya ukungu, si ndani wala nje yake, kisha nikaanza na 20 kwenye `Select > Feather` na kutazama matokeo.

Rangi ya mstari uliobaki itakuambia kosa lako. Mstari mweusi unaonyesha umechagua kwa ndani mno, na giza la ukingo limebaki kwenye tabaka la juu. Mstari mweupe unaonyesha umetoka nje, na kupitia tundu unaona udongo wa juani ulioinuliwa mara mbili. Rekebisha kwa brashi laini kwenye barakoa, kwa nguvu ya asilimia 20 hivi, ukipita polepole mara kadhaa.

Je, ukungu wa ukingo ni sawa kila mahali?

Inategemea kivuli ni cha nani. Kivuli cha mpiga picha mwenyewe kina bahati: sehemu iliyo mbali ina ukungu mpana zaidi ardhini, lakini kwa kuwa iko mbali na kamera inaonekana ndogo, na mambo hayo mawili yanafidiana. Namba moja ya kulainisha inatosha karibu pande zote.

Kivuli cha mtu mwingine aliyesimama pembeni ni tofauti. Kwenye visigino vyake kinakatika kama kwa wembe, na kichwani kimetanuka. Ukitumia namba moja, miguuni utaharibu au kichwani utaacha mstari. Kigawe: chagua nusu ya miguu na ulainishe kwa pikseli 2 au 3, futa, kisha chagua nusu ya kichwa na ulainishe zaidi. Mahali panapokutana malizia kwa brashi.

Rangi zimelingana, mstari hakuna, ila pale bado panaonekana kama pamepigwa pasi. Kwa nini?

Umeona vizuri, na si kosa lako. Jua la jioni huja kwa ubavu, kila kijiwe cha udongo mwekundu kinatupa kivuli chake kidogo, na hicho ndicho kinachofanya uwanja uonekane una mikwaruzo. Ndani ya kivuli cha mtu jua halikufika, kwa hiyo vijiwe havikuwa na vivuli vya kutupa. Curves inaweza kurudisha rangi na mwanga, lakini haiwezi kurudisha vivuli vya vijiwe ambavyo havikuwapo.

Chukua brashi ya kunakili, ufunguo `C`, chota udongo wa juani ulio jirani na wenye umbali uleule kutoka kwenye kamera, kisha upake juu ya pale kwa asilimia 40 au 50. Usichote kutoka mbali, kwa sababu vijiwe vya karibu na kamera ni vikubwa kuliko vya nyuma na jicho litaligundua hilo mara moja. Pia usirudierudie kuchota mahali pamoja. Kijiwe kimoja chenye umbo la maharage kikitokea mara tatu, mteja atakihesabu.

Kwenye nyasi ndefu na lami tatizo hili ni dogo. Kwenye udongo, mchanga na zege lisilosuguliwa ni kubwa.

Kivuli kimepanda juu ya nguo au viatu vya mtu. Nifanyeje?

Kipande hicho kishughulikie peke yake. Nguo iliyosimama wima inapokea mwanga wa anga kwa namna tofauti na ardhi iliyolala, na hapa kwetu udongo mwekundu unarusha wekundu wake kwenye pindo za kanzu. Nakili tabaka jingine, pima nguo juani na kivulini, weka Curves zake, kisha futa kipande hicho peke yake. Kwenye picha ya Bombo viatu vya mtoto vilikuwa vyeusi na kivuli kilivigusa kidogo tu. Niliviacha nje ya uchaguzi na hakuna aliyeona.

## Kivuli cha mtu anayehamishiwa kwenye bango

Mtu anawekwa kwenye bango lenye rangi moja. Nifute kivuli chake chote?

Hapa tundu si tatizo, kwani bango litalijaza. Lakini usifute chote. Mtu aliyesimama asipokuwa na giza lolote chini ya soli anaonekana ananing'inia hewani, na jambo hilo huonekana zaidi kwenye bango kubwa. Acha ule utepe mweusi mwembamba unaogusa kiatu, unaokaribia unene wa soli yenyewe, na uulainishe ukingo wake wa nje. Kivuli kirefu kilicholala pembeni ndicho cha kuondoa.

Na kama amepigwa mbele ya karatasi nyeupe ya studio, na kivuli chake ni kizuri nataka kiende naye?

Basi usikifute, kigeuze kiwe cheusi chenye uwazi. Chagua kivuli peke yake, bila mtu, kisha `Colors > Color to Alpha` na uchague nyeupe. Programu inatoa weupe na kubakiza giza. Kijivu cha 180 juu ya nyeupe kinakuwa weusi unaoonekana kwa karibu asilimia 30, na ukikiweka juu ya bango la njano kinatia kivuli njano hiyo, kama kinavyopaswa. Ukikikata na kijivu chake kama kilivyo, utapata doa la majivu juu ya njano.

Nasisitiza "bila mtu". Ukiitumia kwa picha nzima, kanzu na meno yatakuwa wazi pia. Nimewahi kuipeleka kazi ya namna hiyo ikachapwa, na bwana harusi akatokea na kanzu ya kijani ya bango. Nililipia karatasi zote mwenyewe.

## Taswira kwenye vigae na vioo

Bibi harusi amesimama kwenye vigae vinavyong'aa na anaonekana kichwa chini. Nitaanzia wapi kufuta?

Anzia kwenye mstari ambapo soli inagusa sakafu, kwani taswira ya kigae hugeukia hapo hasa. Gomesi, lile vazi lake refu, iliyokunjwa vizuri haisumbui, maana rangi yake kwenye kigae imepauka na mpaka unaonekana. Kinachosumbua ni kiatu cheusi juu ya taswira yake nyeusi. Unakuza picha na huoni kiatu kinaishia wapi.

Tazama maungio ya vigae. Ule mstari wa saruji kati ya kigae na kigae unapita ndani ya taswira bila kukatika, lakini ukifika kwenye kiatu chenyewe unakoma. Fuata mistari miwili au mitatu ya namna hiyo, weka alama inapokoma, kisha unganisha alama hizo. Hapo ndipo soli ilipo. Kama hakuna ungio karibu, pandisha mwanga kwa muda kwenye Curves: kiatu halisi kina mng'ao wa ngozi na mshono, taswira haina.

Kama anahamishiwa kwenye bango, futa na umalize. Kama sakafu inabaki, tabaka la chini si la kuinua mwanga. Taswira imeongeza mwanga na rangi, kwa hiyo unahitaji kigae safi: nakili kipande cha kigae kisicho na taswira kutoka kwenye mstari uleule wa vigae, kiweke chini ya tundu, na ulinganishe maungio. Ukikosa maungio kwa pikseli mbili tu, sakafu itaonekana imepasuka.

Nimepiga picha ya zamani ya baba iliyo kwenye fremu ya kioo na mimi mwenyewe nimeonekana ndani. Nifute nini?

Kwa picha hiyo moja, huwezi kupata uso wa baba uliofunikwa na fulana yako nyeupe. Hiyo ndiyo ile taswira nzito niliyoitaja mwanzoni. Lakini ikiwa fremu bado iko ukutani, rudi upige picha mbili. Simama upande wa kushoto kidogo, piga. Sogea kulia hatua moja, piga. Taswira yako itakuwa imehama, na baba hajahama.

Fungua zote mbili kama matabaka. Badili hali ya tabaka la juu iwe `Difference`, kisha ulivute na kulinyoosha kwa `Shift+T` mpaka uso wa baba uwe mweusi kadiri iwezekanavyo. Weusi unamaanisha picha mbili zimelalana. Rudisha hali ya `Normal`, ongeza alfa, futa taswira yako kwenye tabaka la juu. Chini yake yuko baba mwenyewe, pikseli zake halisi, wala si kitu cha kubuni. Naipenda njia hii kuliko zote zilizo kwenye ukurasa huu.

Kama picha inaweza kutolewa kwenye fremu bila kuchanika, itoe. Kama imegandamana na kioo, usiibandue. Picha za zamani huacha uso wake kwenye kioo. Badala yake vaa nguo nyeusi au shikilia shuka jeusi mbele yako lenye tundu la lenzi. Kichujio cha kuzuia mng'ao husaidia ukipiga kwa ubavu, vizuri zaidi kwenye nyuzi 56 hivi kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso wa kioo. Ukisimama uso kwa uso na fremu hakifanyi kazi hiyo.

Na taswira hafifu sana, ile inayoonekana kama moshi?

Hiyo haihitaji tundu kamili. Fanya kama kwenye picha ya Bombo, ila kwa kinyume: Curves za tabaka la chini zishushe mwanga hadi zilingane na eneo safi la jirani, kisha futa tabaka la juu kwa sehemu.

## Kuhifadhi na kutuma

Nimemaliza, nikatuma kwa WhatsApp, mteja anaona weupe au weusi nyuma ya mtu.

Uwazi umepotea njiani. JPEG haina mahali pa alfa, na ukituma kama picha, WhatsApp huibadili kuwa JPEG. Toa faili kwa `File > Export As` likiwa na mwisho wa `.png`, kisha litume kama `Document`. Weka pia faili la `.xcf` kwako, ndilo linalobeba matabaka na barakoa.

Kwa mchapaji mweleze kwa mdomo kwamba nyuma ni wazi. Wino haujui uwazi: tundu lisilo na kitu chini yake litatoka na rangi ya karatasi.

Nitajuaje kama nimesahau vumbi la kivuli kabla ya kuchapa?

Miraba ya kijivu huficha mabaki ya kijivu, kwa hiyo usiiamini. Weka tabaka la rangi kali chini, mfano waridi, kisha zunguka na macho kwenye visigino, kati ya miguu na chini ya mikono. Anayetumia ImageMagick anaweza kuitoa alfa peke yake:

```
magick mtu.png -alpha extract alfa.png
```

Kwenye `alfa.png` mtu anapaswa kuwa mweupe na pembeni peusi tititi. Ukungu wa kijivu mahali pasipo na mtu ni kivuli ulichokiacha.

Nilichofuta kinaweza kurudishwa na mtu mwingine?

Ndiyo, kinaweza. Kumbuka kwamba kifutio kinashusha alfa, na namba za rangi zinaweza kubaki chini yake. Ukiacha alama kwenye `Save color values from transparent pixels` unapotoa PNG, zinasafiri na faili, na mwenye ujuzi akipandisha alfa ataona kila kitu. Kwa kivuli cha kawaida hilo halina madhara. Lakini kuna dada aliyeniomba niondoe sura ya mtu iliyoonekana kwenye dirisha la nyumba yake, kwa sababu za usalama wake. Hapo toa alama hiyo, au osha faili hivi:

```
magick mtu.png -background black -alpha background safi.png
```

Pikseli zilizo wazi kabisa zinabadilishwa kuwa nyeusi. Zile zenye uwazi nusu hazibadiliki, kwa hiyo usiache ukingo laini juu ya uso wa mtu. Futa mpaka mwisho. Wala usimtumie mtu yeyote lile faili la `.xcf`.

## Hali zinazokataa

Kivuli ni cheusi kabisa. Curves zinatoa madoadoa.

Ukipima na kupata namba zilizo chini ya 15 kwa rangi zote, kamera haikunasa kitu cha kuinua. Unachokiona ni chenga, pamoja na vile visanduku vya pikseli 8 kwa 8 vinavyoachwa na JPEG. Acha Curves, nakili ardhi ya jirani kama nilivyoeleza kwenye swali la pasi. Muombe mteja faili la kwanza kutoka kwenye simu pia, kwani lililopita WhatsApp limekwishapoteza sehemu ya giza.

Picha ya pasipoti ina kivuli ukutani. Nikifute?

Piga upya. Picha za utambulisho hazitakiwi kuhaririwa, na kuzunguka nywele utaacha alama. Msogeze mtu mbele ya ukuta kama mita moja na nusu, na mwanga uje kutoka pande mbili. Kivuli kitaangukia sakafuni, nje ya picha.

Picha ni ya ushahidi: ajali, au mpaka wa shamba.

Siifanyi kazi hiyo. Urefu wa kivuli na upande kinakoelekea huonyesha saa na mahali jua lilipokuwa, na taswira kwenye kioo cha gari inaweza kuonyesha nani alikuwapo. Hifadhi faili la kwanza bila kuligusa, na kama kuna kisichoonekana vizuri, angaza nakala na useme wazi kwamba ni nakala iliyoangazwa.